Kaushu ya Mama Augustine

Wajukuu wangu walio Kinshasa hawaamini kwamba Kamina kuna baridi. Ati, babu, Zaire ilikuwa nchi ya jua, baridi ni mambo ya Ulaya. Sibishani nao. Mtoto wa Kinshasa akishaamua kwamba anajua kitu, hata umkalishe chini na ramani, atakuonyesha kosa la ramani. Ninachosema ni kimoja: laiti ningejua leo Mama Augustine yuko wapi, ningewafungia mizigo yao niwapeleke kwake awatie adabu.

Mama Augustine Mbombo alikuwa mzalishaji, mkunga wa dispanseri ya reli hapa Kamina. Kazini, miaka ile ya Zaire, karatasi zilimwita Citoyenne Mbombo, raia Mbombo, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Lakini ndani ya kan, yaani nyumba zile za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mistari mistari, nani angemwita citoyenne mwanamke aliyekushika kichwa ulipokuwa unatoka tumboni? Tulimwita Mama Augustine, na hata watu wa chama waliokuja kutukagua walimwita hivyo, sauti ikiwa chini.

Alikuwa mtu wa Kasai, mfupi, mwenye mikono mizuri na mdomo mkali. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba ameona kazi ya wanaume inaishia wapi, naye ndiye anayefua shuka zake. Masista walimfundisha uzalishaji, kisha reli ikamwajiri, na kwa kuwa vile vigare, vituo vidogo vya treni vya njiani, havikuwa na daktari wala mzalishaji, yeye ndiye aliyekwenda huko kila mke wa mfanyakazi alipopata uchungu. Na mtu wa kumpeleka nilikuwa mimi, Ngoie Constant, dereva wa drezini.

Drezini, kwa wale wasioijua, ni kigari kidogo cha injini kinachotembea juu ya reli. Yetu ilikuwa na mabenchi mawili, paa la bati, na basi. Haikuwa na milango. Kioo cha mbele kilivunjika kabla sijaajiriwa na magasini, ghala la reli, ikawa inasema kipya kiko njiani. Mpaka napewa pensheni kilikuwa bado njiani. Lakini niliipenda ile drezini, sitaficha. Asubuhi ukitoka gare, moshi wa jikoni umelala juu ya kan nzima, wanawake wanakusalimu na ndoo vichwani, mandazi yako mfukoni bado ya moto, halafu reli mbili zinaingia porini hata huoni mwisho. Leo hii nikifumba macho ninaisikia ile injini inavyokohoa. Ilikuwa kazi nzuri.

Ila baridi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, kabla jua halijapanda, kipimo cha ukutani pale gare kilionyesha digrii tisa, siku nyingine nane. Ukisimama nyuma ya ukuta, mikono mfukoni, ungevumilia tu. Lakini panda drezini, toka nje ya mji, fika pale uwanda ulipo wazi bila mti wa kukinga, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki unakupiga usoni, na drezini yenyewe inaukimbilia. Digrii ni zile zile tisa. Kipimo ningekichukua mkononi kisingeshuka. Lakini mwili wako unakuambia habari nyingine kabisa. Masikio yanauma, vidole vinakataa breki, machozi yanatoka yenyewe, na ukifika unakunywa chai huku kikombe kinagonga meno.

Mama Augustine aliichukia ile baridi kwa roho yake yote. Alisema kwao Kasai Mungu alikuwa na huruma. Basi akaanza kujifunga. Alipata kwa mapadri triko kuukuu, sweta za sufu, akazifumua, akafuma upya. Mwaka wa kwanza alivaa mbili, moja juu ya nyingine. Mwaka wa pili tatu. Mwaka uliofuata alivaa nyingi hata mikono haikushuka, ilikaa pembeni, na mafundi wa depo walipomwona anapanda drezini walimuuliza anakwenda kuzalisha au kupigana ngumi. Naye aliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia, mimi ni mkristo.

Lakini nilimwona akishuka mwisho wa safari. Triko zote zile, na midomo imekuwa ya majivu. Mimi mwenyewe nilikuwa vilevile, na sote tulijua dawa yake: ongeza triko nyingine.

Sasa nieleze habari ya mtoto wetu wa kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Mke wangu Clotilde alitoka kigare kimoja upande wa Kaniama, mama yake alikuwa analima pale karibu na reli. Kwa mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake, kama inavyotakiwa. Mtoto akaja mapema, mwezi wa saba mwaka wa sabini na nne, mdogo sana, wa kiume. Mama Augustine nami tukaenda. Alipoona mtoto hana nguvu ya kunyonya akasema huyu lazima aingie kuvezi, lile sanduku la joto la watoto kule hospitali ya Kamina. Tukaondoka alfajiri. Mama mkwe wangu alitoa bulangeti zote alizokuwa nazo, nne, tukamfunga mtoto, naye mwenyewe akampakata. Njiani alilia kidogo, kisha akanyamaza. Sote tukafurahi, tukasema amelala. Tulipofika hospitali, muuguzi alifungua bulangeti, akamgusa, akatutazama. Alikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa.

Watu wakasema yao. Padri alisema Mungu amemtaka. Wengine walitafuta mchawi. Lakini upande wa kwetu, dada zangu na shangazi zangu, walisema neno moja, na walilisema pale pale matangani ili lisikike: mama mkwe alikuwa mchoyo wa bulangeti. Nne tu, kwa mtoto mdogo vile, mwezi wa baridi? Huenda nyingine alizifungia sandukuni.

Alilisikia. Na mimi sikuweza kumwambia lolote, la kumtetea wala la kumpa pole, kwa sababu ya heshima ya buko. Kwetu Baluba, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai benchi moja, hawasemezani ovyo. Jina lake silitaji hata leo. Mtu anaweza kuona ni mambo ya zamani, lakini ndivyo tulivyolelewa, na kuna mazuri yake. Ila mwaka ule ulikuwa mzigo. Mwanamke yule alirudi kwake akaanza kununua bulangeti. Aliuza mihogo, akanunua moja. Aliuza kuku, akanunua nyingine. Clotilde alikwenda kumtembelea akakuta zimekunjwa juu ya sanduku, mpya, hazijatumiwa, akarudi nyumbani analia.

Mwaka uliofuata, katika miezi ile ile, Mama Augustine alipata kitu ambacho hakukitafuta.

Tulikuwa tunarudi alfajiri kutoka kuzalisha. Kila mzalishaji alikuwa na kaushu yake, shuka la mpira la kumtandikia mama anayejifungua ili godoro lisilowe. Ya kwake ilikuwa nyekundu, nzito, inanuka sabuni na dawa. Siku ile mfuko ulikuwa umejaa kuku aliopewa zawadi, kaushu haikuingia, akaiweka mapajani, ikamfunika mpaka miguuni. Tukaenda. Katikati ya uwanda nikamsikia anazungumza peke yake. Kifua chake, alisema, kina triko nne na kinaganda. Magoti yake yana gauni la pamba tu na hii kaushu, na yana joto. Akarudia mara mbili, kama mtu aliyeibiwa anayehesabu vitu vyake. Kisha akavua triko mbili pale pale, akazikalia, akajitia ile kaushu mabegani, akaikaza mbele kwa pini. Tulipofika Kamina midomo yake ilikuwa na rangi ya mtu.

Wiki ile yote alinichosha na maelezo, na mimi naendesha. Triko haina joto lake, alisema. Joto ni la mwili wako. Triko inalikamata tu, inaliweka katika vile vitundu vya sufu, na ukikaa mahali pametulia linabaki hapo. Lakini upepo ukija unaingia katika vitundu vile vile, unalifagia, unaleta hewa mpya ya baridi, na mwili unaanza kazi upya, kila dakika. Ongeza triko ya tano, nayo ina vitundu. Kinachotakiwa ni mlango. Kaushu ni nyembamba, peke yake haina faida kubwa, lakini upepo haupiti, na triko moja ikiwa chini yake inafanya kazi ya nne.

Tangu hapo akawa anasafiri na kaushu juu ya triko moja au mbili. Mafundi wa depo waliacha mzaha wa ngumi wakaanza wa pili, tena huu ulikuwa na kinyaa ndani yake. Kitu cha damu ya wanawake, kwenye mabega, mbele ya wanaume! Fundi mmoja alikataa kabisa kupanda drezini naye. Mimi pia haikunipendeza, lakini niliona anavyoshuka akiwa mzima, nikaomba kwa magasini manto yangu ya mvua, koti la mpira ambalo hurudishwa kila mwezi wa tano mvua zikiisha. Waliniuliza mvua iko wapi. Nikawajibu iko ndani ya akili zao.

Halafu ikaja sabini na sita.

Clotilde alikuwa na mimba tena, ya kuzaliwa mwezi wa tisa. Mwezi wa saba alikwenda kwa mama yake siku chache tu, kwa msiba wa mjomba, na uchungu ukamkuta huko. Shefu wa gare ya kule alipiga simu ya reli, mimi nikiwa depo. Nilikimbia mpaka dispanseri na bukari, ugali wangu, mkononi. Mama Augustine hakuuliza swali. Tulifika jioni, na kabla ya watu kulala mtoto alikuwa ametoka. Msichana. Mdogo kama yule wa kwanza. Ananyonya kidogo, anachoka, anaacha.

Ningeondoka saa ile ile, lakini njia ilikuwa imeshikwa na treni ya mizigo, na taa ya drezini ilikuwa haiwaki. Walinipa njia alfajiri tu. Kungoja jua lipande haikuwezekana, maana saa mbili asubuhi ingepita treni ya shaba na njia ingefungwa mpaka mchana, naye Mama Augustine alisema mtoto hana nguvu ya kungoja mchana. Ilikuwa saa ile au basi.

Tulipotoka nje kulipopambazuka, mama mkwe alikuwa amekwisha kumfunga mtoto. Bulangeti nane. Nane! Amezikaza na vikwembe, vitenge vyake, juu, mzigo mkubwa, mtoto yuko katikati huko humwoni ila kapua. Yule mama alikuwa amesimama amenyooka, amekumbatia mzigo wake, na uso ambao sikuutazama lakini nilijua ulivyo. Miaka miwili alikuwa anaingojea asubuhi ile.

Mama Augustine alimwambia kwa upole, na upole wake ulikuwa wa nadra, kwamba mtoto akae kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na bulangeti mbili tatu, halafu kaushu ije juu ya wote. Akaitoa mfukoni. Mama mkwe aliiona akarudi nyuma. Alisema ile ni kitu ya damu, usiku ule ule ilikuwa chini ya binti yake, haitamgusa mtoto. Mama Augustine alisema ameiosha na sabuni na dawa. Mama mkwe akasema damu haitoki kwa sabuni. Kisha akapanda benchi la nyuma na mzigo wake na kugeuza uso. Clotilde alikuwa mnyonge, hakuwa na nguvu ya kugombana. Mama Augustine alinitazama mimi. Nami nikatazama injini. Ungefanya nini? Buko ni buko.

Tukaondoka. Anga lilikuwa jeupe, nyasi zote zimelala upande mmoja, upepo tunauingia wenyewe uso kwa uso. Nilijaribu kwenda polepole kidogo, nao ukapungua kidogo, lakini njia ilikuwa na saa yake, ningekawia ningekutana na ile treni ya shaba. Nikaongeza. Nyuma yangu nilimsikia mtoto analia, sauti ya paka mdogo. Nikasema moyoni, lia, mama, lia.

Baadaye akanyamaza.

Mama mkwe alisema, kwa furaha kabisa, amelala. Na mimi, nakuambia, mgongo wangu ulijua kabla ya kichwa changu. Mama Augustine aliinama akapitisha mkono chini ya mzigo, ndani ndani, mpaka kwenye miguu ya mtoto. Akanipiga begani. Nikakaza breki mpaka magurudumu yakapiga kelele.

Miguu ilikuwa baridi. Tumbo nalo limeanza kupoa. Bulangeti za nje, za upande wa upepo, ungezishika ungesema zimetoka kisimani, na zilikuwa kavu.

Mama Augustine hakupiga kelele. Alishuka, akasimama kando ya reli mahali upepo ulipokuwa unapita, akachukua bulangeti moja mpya, nene, akaitanda mbele yake kwa mikono miwili. Akamwita mama mkwe.

"Mama, shuka. Tia mukono yako huku nyuma ya bulangeti."

Yule mama alimpa Clotilde mzigo, akashuka, akatia mkono.

"Unasikia nini?"

"Mupepo," alisema mama mkwe. "Inapita."

Mama Augustine akaikunja mara mbili, akamwambia atie tena. Ilipita bado, kidogo, lakini ilipita. Kisha akatanda kaushu, ile nyekundu. Mama mkwe alisita. Akanyosha mkono. Akautia nyuma, mbali na mpira, asiuguse. Akauacha pale muda mrefu. Nyuma ya kaushu hapakuwa na kitu. Nilimwona anautoa mkono nje, upepo unaupiga, anaurudisha ndani, tena na tena.

Lakini hakusema ndiyo. Alibaki amesimama, na midomo imefungwa, na mtoto pale kwenye benchi hana sauti. Hapo ndipo nilipofanya ambalo baba yangu angeninyima chakula kwa ajili yake. Sikumtazama. Niligeukia mke wangu, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka Kaniama.

"Clotilde, ambia mama kama minyi njo baba ya huyu mutoto, na minyi njo shefu ya hii drezini. Haitatoka hapa mpaka ile kaushu itawafunika. Ambia mama ninamuheshimu."

Clotilde hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Mama mkwe alikuwa amekwisha rudi kwenye benchi. Akafungua vikwembe kwa mikono yake mwenyewe, haraka, akatupa bulangeti huku na huku. Mama Augustine alimtoa mtoto, akamlaza kifuani pa Clotilde, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, kitambaa kichwani. Akawazungushia bulangeti mbili, hakuzikaza, alisema sufu ikibanwa sana haina mahali pa kuweka joto. Kisha kaushu juu ya yote, kutoka shingoni mpaka miguuni, imefungwa nyuma ili mbele pasiwe na mwanya, na juu akaacha nafasi ya mtoto kupumua, upande usio na upepo. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la mbele, mgongo wake kwenye njia, akawa ukuta. Alikuwa karibu nami hata kitambaa chake cha kichwa kilinigusa bega.

Nikawasha injini.

Sijui kuomba vizuri, na siku ile sikuomba. Nilitazama reli. Kila mara Mama Augustine alipitisha mkono chini ya kaushu, akautoa. Nilitaka kumuuliza nikaogopa. Tulipita kwenye daraja, tukapita mahali wachoma makaa walipokuwa wanatupungia mkono, sikuwapungia. Kisha, tulipoanza kuona mnara wa maji wa Kamina, nikasikia sauti nyuma yangu. Ndogo, ya hasira. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ana njaa. Nililia na mimi, bwana, naendesha huku nalia, na upepo ukanifichia.

Pale hospitali muuguzi alifungua kaushu, akakunja pua kwa harufu ya dawa, akatia mkono ndani. Akasema mtoto ana joto. Akampeleka kwenye kuvezi hata hivyo, maana udogo wake ulikuwa ule ule, lakini alimpeleka anapiga mateke.

Tulibaki sisi wanne kwenye baraza. Clotilde amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mama mkwe amesimama kando yake, mimi mbali kidogo, Mama Augustine anakunja kaushu yake. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza kufikiria chai.

Clotilde alikuwa anatazama ile kaushu. Akauliza, polepole, kama mtu anayeweka mguu majini.

"Mama Augustine. Ule wa kwanza. Kama tungalimufunika hivi?"

Nilitamani aseme hajui. Yeyote angesema hajui, na asingelaumiwa. Mama Augustine aliweka kaushu chini. Macho yake yalijaa, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona analia hata makaburini.

"Angeishi," alisema. "Naona angeishi. Nilikuwa pale, na mfuko wangu ulikuwa kwa miguu yangu, na kaushu ndani yake. Sikujua. Ni upepo ulimubeba, mwanangu. Tungemutia bulangeti kumi, upepo ungepita."

Clotilde alifunika uso. Mimi nilishika ukuta. Kisha tulimsikia mama mkwe akikaa chini, pale pale kwenye sementi, miguu mbele yake, kama wanavyokaa wanawake matangani. Hakuwa analia bado. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Basi zile nne zilitosha," alisema. "Bulangeti zangu zilitosha."

Mama Augustine alikwenda akakaa kando yake juu ya sementi, akamshika bega, akamwambia ndiyo, mama, zilitosha. Ndipo yule mama akaanza kulia, kwa sauti, kilio cha miaka miwili, mpaka wagonjwa wakatoka vyumbani kuuliza ni nani amekufa.